Bando Lipo, Kurasa Hazifunguki: Pima DNS Kabla Hujanunua Vocha Nyingine

Leo tuongelee tatizo moja ambalo linakula hela za watu bure. Bando unalo. Alama ya waifai imejaa. Meseji za WhatsApp zinaingia kama kawaida. Lakini ukifungua ukurasa wa duka lako, au ukurasa wa malipo, au ule wa kampuni inayosafirisha mizigo yako, hakuna kitu. Inazunguka, inazunguka, halafu inakuletea maandishi ya Kiingereza kwamba ukurasa haupatikani.

Wengi wetu hapo tunafanya mambo matatu: tunaongeza vocha, tunazima na kuwasha simu, tunalaumu mtandao. Mara nyingine mtandao wenyewe ni mzima kabisa. Kilichokufa ni kitu kimoja kidogo kinachobadilisha majina kuwa namba, na dawa yake ni ya dakika kumi na haina gharama. Ila lazima upime kwanza, maana kuna matatizo mengine yanafanana nalo na dawa hii haiyatibu.

Piga picha ya skrini ya posti hii sasa hivi. Siku likikukuta, ukurasa huu nao hautafunguka.

DNS ni nini kwa lugha ya dukani

Mtandao haujui majina. Unajua namba. Kila tovuti ipo kwenye kompyuta fulani yenye anwani ya namba, mfano 8.8.8.8, na hiyo ndiyo tunaita anwani ya IP. Sisi binadamu hatuwezi kukariri namba hizo, kwa hiyo tunaandika majina. Katikati lazima awepo mtu wa kutafsiri.

Chukulia simu yako. Unambonyeza "Mama Asha Vitenge", simu inakwenda kwenye orodha ya majina, inapata namba, inapiga. Siku orodha ya majina ikifutika, laini yako bado ni nzima na Mama Asha bado yupo hewani. Ukiikumbuka namba yake kichwani utampata. Ukimtafuta kwa jina humpati.

DNS ndiyo orodha hiyo ya majina, isipokuwa haikai ndani ya simu yako. Inakaa kwenye seva, na kwa kawaida ni seva ya kampuni inayokuuzia intaneti. Simu yako au rauta yako inapounganishwa inapewa namba ya seva hiyo, na kila ukiandika jina la tovuti, inakimbia kuiuliza kwanza. Seva hiyo ikinyamaza, majina yote yanakwama.

Sasa mbona WhatsApp inaendelea? Programu ikishapata namba na kushika muunganisho, haiulizi tena jina mpaka muunganisho ukatike. Kwa hiyo meseji zinaweza kupita saa nzima huku kurasa mpya hazifunguki. Ukiona hali hiyo, anza kuishuku DNS.

Soma kwanza kilichoandikwa kwenye skrini

Kabla ya kugusa setingi yoyote, soma yale maandishi madogo chini ya ukurasa ulioshindwa kufunguka. Kwenye Chrome, maandishi yanayohusu majina ni kama haya:

```
ERR_NAME_NOT_RESOLVED
DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN
DNS_PROBE_FINISHED_NO_INTERNET
```

Yote hayo yanasema jina halijapata namba. Lakini ukiona ERR_CONNECTION_TIMED_OUT au ERR_CONNECTION_REFUSED, hiyo ni habari nyingine. Namba ilipatikana, tatizo likaja wakati wa kwenda kugonga mlango. Hapo kubadilisha DNS kwa kawaida hakutakusaidia.

Yale maandishi ya pili, yenye NXDOMAIN, yana maana ya ziada: kuna seva imejibu kwamba jina hilo halipo kabisa. Kagua kwanza kama umeliandika sawasawa. Na kama ni jina la tovuti yako mwenyewe, kagua kama umelipia ada ya mwaka. Jina lililoisha muda wake huweza kuondolewa kwenye orodha, na hakuna setingi ya kwenye simu yako itakayolirudisha.

Kipimo cha simu: namba moja tu

Kama una simu tu, fungua brauza uandike hivi juu kabisa, pamoja na https:

```
https://8.8.8.8
```

Hiyo ni seva ya DNS ya Google ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia. Ukiigonga kwa namba, inakujibu na kukuhamisha kwenye jina lake, dns.google. Sasa angalia kwa makini sehemu ya kuandikia anwani. Kama namba imebadilika yenyewe ikawa dns.google, halafu ukurasa ukagoma na kuleta kosa la jina, umeshapata jibu. Namba ilifika, jina halikufika. Mtandao upo, DNS haipo.

Kama namba yenyewe haibadiliki, inazunguka tu mpaka inachoka, basi huna mtandao kabisa au bando limekata. Shughulika na hilo kwanza.

Tahadhari moja: wengine wanapima kwa kufungua ukurasa wa rauta, 192.168.1.1, na ukifunguka wanasema "mtandao upo". Hapana. Rauta ipo hapo hapo mezani kwako. Kufunguka kwa ukurasa wake kunaonyesha tu kwamba wewe na rauta mnaongea. Hakusemi chochote kuhusu nje.

Kipimo cha laptopu: amri tatu

Kama una kompyuta ya Windows, kipimo kinakuwa safi zaidi. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter. Litafunguka dirisha jeusi. Andika amri hizi moja moja:

```
ping 8.8.8.8
nslookup example.com
nslookup example.com 8.8.8.8
```

Ya kwanza inagonga namba. Ukiona mistari inayoanza na Reply from 8.8.8.8, njia ya kwenda nje ipo.

Ya pili inaiuliza seva yako ya DNS ya sasa: namba ya example.com ni ngapi? Jina hilo limetengwa kwa ajili ya mifano, kwa hiyo ni zuri kwa kupimia.

Ya tatu inauliza swali lile lile, lakini inaruka seva yako na kwenda moja kwa moja kwa ile ya Google. Huu ndio moyo wa kipimo. Swali moja, watu wawili. Ukilinganisha majibu yao unajua nani mgonjwa:

– Yako imenyamaza, ya Google imejibu: seva yako ya DNS ndiyo yenye shida. Badilisha.
– Zote mbili zinasema Non-existent domain kwa jina fulani: jina lenyewe lina tatizo, siyo wewe.
– Zote mbili zimenyamaza lakini ping inapita: kuna kitu njiani kinazuia maswali ya DNS, mfano programu ya ulinzi kwenye kompyuta au waifai inayotaka ujisajili kwanza.
– Zote mbili zimejibu vizuri: DNS ni nzima. Tafuta tatizo kwingine.

Kisa cha Jumamosi: oda kumi na moja na basi la saa kumi na mbili

Nikupe kisa kimoja nilichokishika kwa mkono, uone hatua zinavyofuatana. Dada mmoja anayeuza viatu vya watoto mtandaoni alinipigia Jumamosi mchana. Alikuwa na oda 11 za mikoani. Ili mzigo upokelewe, lazima aingie kwenye ukurasa wa kampuni ya vifurushi, ajaze majina ya wapokeaji na kuchapa lebo. Mwisho wa kupokea ilikuwa saa kumi, ili vipande viondoke na basi la saa kumi na mbili jioni.

"Kaka, nimenunua bando mara mbili leo," akaniambia. "Rauta nimeizima nikaiwasha. WhatsApp ipo, wateja wananiuliza mzigo umetoka? Ukurasa haufunguki. Niwarudishie hela zao?"

"Dada, usirudishe hela ya mtu. Washa laptopu, tupime kwanza."

Tukafanya amri zile zile. Ping kwa 8.8.8.8 ikarudisha majibu manne kati ya manne. Mtandao wake ulikuwa mzima, bando la pili halikuwa na kazi. Kisha nslookup ya kawaida ikatoa hivi:

```
DNS request timed out.
    timeout was 2 seconds.
Server:  UnKnown
Address:  192.168.1.1
```

Angalia mstari wa mwisho. Anayeulizwa ni 192.168.1.1, yaani rauta yake. Rauta nyingi za nyumbani na dukani hazijui majibu zenyewe. Zinapokea swali na kulipeleka kwa seva ya kampuni ya intaneti. Kwa hiyo mtu aliyenyamaza anaweza kuwa rauta, au yule wa nyuma yake.

Amri ya tatu, ile ya kuuliza 8.8.8.8 moja kwa moja, ilijibu papo hapo na namba. Tukawa tumeshajua dawa. Lakini nilitaka kujua mgonjwa ni nani, rauta au kampuni, maana kama ni rauta kuna siku atanipigia tena. Tukafungua ukurasa wa rauta, sehemu inayoonyesha hali ya muunganisho wa nje, tukakuta namba mbili za DNS zilizotoka kwa kampuni. Tukaziuliza moja moja kwa nslookup. Zote mbili kimya. Basi rauta ilikuwa haina kosa. Seva za kampuni ndizo zilikuwa zimelala. Ndiyo maana kuzima na kuwasha rauta hakukusaidia: kila ikiwaka ilikuwa inapewa namba zile zile.

Tukabadilisha DNS kwenye laptopu. Ukurasa wa vifurushi ukafunguka, akajaza oda zake, lebo zikatoka.

Kisha akasema, "Mbona simu bado?" Swali zuri. Tulichobadilisha ni laptopu peke yake. Simu yake ilikuwa bado inaiuliza rauta, na rauta inaiuliza ile seva iliyolala. Kila kifaa kina setingi yake, mpaka ubadilishe kwenye rauta. Tukaenda huko tukamaliza kazi.

Namba zipi za kutumia

Zipo nyingi, lakini mfanyabiashara mdogo anahitaji kujua chache tu zinazofahamika na zisizolipiwa:

– Google: 8.8.8.8 na 8.8.4.4, ipo tangu 2009.
– Cloudflare: 1.1.1.1 na 1.0.0.1, ipo tangu 2018.
– Quad9: 9.9.9.9. Hii ina kazi ya ziada, inakataa kutoa namba za tovuti zinazojulikana kuwa za kitapeli au zenye virusi.

Mimi napenda kuweka ya kwanza ya kampuni moja na ya pili ya kampuni nyingine, mfano 1.1.1.1 na 8.8.8.8. Moja ikilala siku moja, nyingine bado ipo. Usifanye kosa la kuweka namba nzima kwanza halafu ya pili ukaiacha ile iliyokufa. Kifaa hakiitumii ya pili kama akiba kila wakati. Vingine vinaziuliza kwa zamu, utabaki na mtandao unaofunguka mara moja na kugoma mara mbili.

Kubadilisha kwenye Windows

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, bonyeza Enter. Utaona miunganisho yako. Bonyeza Wi-Fi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties. Kwenye orodha tafuta Internet Protocol Version 4 (TCP/IPv4), iguse, bonyeza Properties. Chini chagua Use the following DNS server addresses, andika 1.1.1.1 juu na 8.8.8.8 chini. Bonyeza OK mpaka utoke.

Ile sehemu ya juu yenye Obtain an IP address automatically usiiguse. Hatubadilishi anwani ya laptopu, tunabadilisha anayeulizwa tu.

Kisha rudi kwenye dirisha jeusi uandike:

```
ipconfig /flushdns
nslookup example.com
```

Amri ya kwanza inafuta majibu ya zamani yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta. Ya pili inathibitisha. Sasa mstari wa Address wa juu unatakiwa kuonyesha 1.1.1.1 badala ya rauta. Kama unaonyesha namba ndefu yenye nukta pacha nyingi, hiyo ni anwani ya IPv6. Kompyuta bado inamuuliza mtu wa zamani kwa njia hiyo. Rudi kwenye orodha ile ile, chagua Internet Protocol Version 6 (TCP/IPv6), uweke 2606:4700:4700::1111 na 2001:4860:4860::8888.

Kama nslookup inajibu lakini brauza bado inagoma, funga brauza yote uifungue upya. Nslookup inauliza moja kwa moja kila mara, lakini brauza ina kumbukumbu yake.

Kubadilisha kwenye simu

Simu za Android kuanzia toleo la 9 zina setingi inaitwa Private DNS. Kila kampuni ya simu inaificha sehemu yake, kwa hiyo fungua Settings, bonyeza alama ya kutafuta, andika Private DNS. Chagua Private DNS provider hostname kisha andika mojawapo:

```
dns.google
one.one.one.one
dns.quad9.net
```

Hapa watu wengi wanakwama kwa sababu wanaandika 8.8.8.8. Haikubali. Sehemu hii inataka jina, siyo namba. Uzuri wake ni kwamba ukishaiweka inafanya kazi kwenye waifai na kwenye data za laini zote.

Ila kuna ujanja wa kuujua. Ili simu ifike kwa dns.google, inaweza kuhitaji kwanza kuuliza namba ya dns.google, na anayeulizwa ni ile seva ya mtandao uliopo. Kama seva hiyo imekufa kabisa, simu inaweza kukuambia Private DNS server cannot be accessed na mtandao wote ukasimama. Siyo kwamba umekosea kuandika. Fanya hivi: irudishe kwenye Automatic, iunganishe simu kwenye mtandao mwingine, weka setingi huko, kisha urudi. Ikiendelea kukataa, iache kwenye Automatic ubadilishe kwenye rauta.

Kwa iPhone nenda Settings, Wi-Fi, bonyeza ile herufi i pembeni ya jina la waifai, shuka mpaka Configure DNS, chagua Manual, futa namba zilizopo na uongeze 1.1.1.1 na 8.8.8.8. Hapa ni namba, siyo jina. Na inahusu waifai hiyo moja tu. Ukienda kwenye data ya laini haifanyi kazi.

Kubadilisha kwenye rauta

Hii ndiyo inaponya duka zima kwa mara moja: laptopu, simu zote, na mashine yoyote inayotumia waifai yako. Fungua brauza uandike anwani ya rauta, mara nyingi ni 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.8.1. Ipo kwenye kibandiko chini ya rauta pamoja na neno la siri. Tafuta sehemu ya DHCP, ndani yake kuna Primary DNS na Secondary DNS. Andika namba zako, hifadhi.

Usishangae vifaa vikiendelea kugoma dakika hiyo hiyo. Vilishapewa namba za zamani. Zima waifai ya simu uiwashe tena, ichukue namba mpya. Kama rauta yako haina sehemu hiyo, maana baadhi ya zile zinazotolewa na kampuni za simu zimefungwa, itabidi ubadilishe kifaa kimoja kimoja.

Pale ambapo dawa hii haifanyi kazi

Mnakumbuka jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021? Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takribani masaa sita. Biashara zetu zilisimama. Watu wengi walibadilisha DNS usiku ule na haikusaidia. Sababu ni kwamba kampuni yenyewe ilikosea kwenye mitambo yake, na seva zake zenye majibu ya majina zikakatika kutoka kwenye mtandao. Google wala Cloudflare hawakuwa na wa kumuuliza. Ndiyo maana kipimo cha kulinganisha ni muhimu: jina moja likigoma kwa kila seva utakayoiuliza, huku majina mengine yanafunguka, shida ipo kwa mwenye jina. Wewe waambie wateja wako kwa meseji za kawaida, usubiri.

Haiponyi pia bando lililoisha. Na ukiwa hotelini au uwanja wa ndege kwenye waifai inayotaka ujisajili, Private DNS inaweza kuzuia ule ukurasa wa kujisajili usitokee. Irudishe kwenye Automatic, jisajili, kisha uiweke tena.

Na jambo la mwisho watu wanalotaka kulisikia: haiongezi kasi ya kupakua video wala haipunguzi matumizi ya bando. Kutafuta jina ni kazi ya sehemu ndogo ya sekunde mwanzoni tu.

Usiweke namba ya mtu usiyemjua

Hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo hela yenu ilipo. Mtu anayeshika orodha ya majina anaweza kukupeleka anakotaka. Ukiandika jina la benki yako, akakupa namba ya kompyuta yake yenye ukurasa unaofanana, wewe utajuaje?

Hili siyo la kufikirika. Kuna virusi viliitwa DNSChanger. Kazi yao ilikuwa kubadilisha DNS kwenye kompyuta za watu, na hata kwenye rauta, ili maswali yote yaende kwenye seva za matapeli. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitangaza kuwakamata wahusika Novemba 2011, likasema kompyuta kama milioni 4 katika nchi zaidi ya 100 ziliambukizwa. Seva zile hazikuweza kuzimwa ghafla, maana watu wote wale wangekosa majina. Zikawekwa seva safi za muda mahali pake, zikazimwa tarehe 9 Julai 2012. Ambaye hakuwa amesafisha kompyuta yake mpaka siku hiyo alipata tatizo letu hili hili: mtandao upo, namba zinapita, majina hayafunguki.

Kwa hiyo ukiona mtu amerusha kwenye grupu "weka DNS hii upate intaneti ya bure", usiiguse. Na ukifungua setingi ukakuta namba ambayo hukuiweka wewe, na siyo ya kampuni yako ya intaneti wala siyo kati ya zile nilizotaja, iondoe, badilisha neno la siri la rauta, na usiingie benki mpaka umalize. Ukurasa wa benki au wa malipo ukileta onyo la usalama la kufuli, usibonyeze kuendelea. Onyo hilo ndilo linalokulinda pale namba inapokuwa ya uongo.

Swali ninaloulizwa sana: kwa nini nisitumie namba tu?

Mtu akishajua kwamba namba inapita, anasema basi nihifadhi namba ya tovuti yangu niwape wateja. Haitafanya kazi. Seva moja ya kukodi inaweza kubeba maduka mamia, na inajua umekuja duka lipi kwa sababu brauza inaitajia jina. Ukija na namba tupu, utapelekwa duka la mtu mwingine au utaambiwa hakuna kitu. Na kile cheti cha kufuli kimeandikwa jina, siyo namba, kwa hiyo mteja ataona onyo na kukimbia. Namba ni ya kupimia tu.

Ukikwama, andika kwenye komenti mambo matatu: maandishi ya kosa yaliyo kwenye skrini, jibu la ping 8.8.8.8, na jibu la nslookup zote mbili. Kama una simu tu, niambie ile anwani ilibadilika kuwa dns.google au haikubadilika. Usiweke picha inayoonyesha neno la siri la rauta yako. Nikipata hayo nitakujibu ni wapi pa kugusa.